Harrier nyeusi, nyeupe au silva kwa jua na vumbi la Dodoma

*"Shikamoo fundi. Naishi Nzuguni, ofisi yangu iko Mtumba. Gari litashinda juani kutwa nzima, na kipande cha mwisho kufika nyumbani ni vumbi tupu. Nimepata Harrier tatu za 2014 huko Japani, hali na kilomita zinakaribiana: silva dola 8,900, nyeusi 9,600, nyeupe ya lulu 9,700. Mume wangu anang'ang'ania nyeusi, anasema ndiyo inauzika. Nitaitumia kama miaka minne kisha niuze. Nichukue ipi?"*

Marahaba, mama. Chukua silva, mradi paa lake liwe zima. Paa nitalirudia mwishoni, maana ndilo linaloweza kunifanya nibadili jibu.

Tuanze na joto, kwa kuwa ndilo watu wanalolitaja kwanza, na ndilo wanalolikuza kuliko lilivyo. Rangi ina athari, hilo halina ubishi. Watafiti wa Maabara ya Taifa ya Lawrence Berkeley, California, walichukua Honda Civic mbili, moja nyeusi na moja silva, wakaziegesha kwenye jua la Sacramento. Matokeo yao yalitoka 2011. Rangi nyeusi ilirudisha asilimia 5 tu ya nguvu ya jua, silva ikarudisha asilimia 58. Paa la silva lilikuwa na joto pungufu kwa hadi nyuzi 25, lakini hewa ya ndani ilitofautiana kwa nyuzi 5 au 6 tu.

Hizo namba mbili, 25 na 6, ndizo za kutazama. Joto la ndani ya gari lililoegeshwa haliingii kwa bati peke yake. Sehemu kubwa hupita kwenye vioo, hasa kioo cha mbele, likaangukia dashibodi na viti, na vyenyewe vikageuka majiko. Dashibodi ya Harrier yenye ndani nyeusi itakuunguza kiganja vilevile, iwe nje ni nyeupe au nyeusi. Ukitoka kazini saa tisa na nusu, gari jeusi likiwa limefika nyuzi 60 ndani, la silva pembeni yake lingekuwa kwenye 54 au 55. Nafuu ipo, ila hakuna anayeketi kwenye nyuzi 54 akashukuru. Utafungua milango yote minne, usimame nje dakika moja, na hewa iliyokuwa imefungiwa itakuwa imeshatoka. Ukishatembea dakika chache kiyoyozi kikiwa kimewashwa, ni vigumu kuzitofautisha.

Kwa hiyo kama hoja ingekuwa joto la ndani peke yake, ningekuambia nunua kizuizi cha jua cha kioo cha mbele, kile cha kukunja chenye upande unaong'aa kama karatasi ya foili, kisha chagua rangi uipendayo. Kivuli cha mwarobaini kinashinda rangi yoyote ile, ingawa najua pale Mtumba kivuli kina wenyewe na huwahiwa alfajiri.

Zile nyuzi 25 za kwenye paa ni jambo jingine, na ni mimi fundi rangi ninayezihangaikia kuliko wewe dereva. Dodoma iko karibu nyuzi 6 kusini mwa Ikweta. Jua linapita juu ya utosi mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena kwenye wiki ya pili ya Oktoba. Ile ya Oktoba inakukuta katikati ya kiangazi, mbingu haina wingu, nawe uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mwanga hauligongi gari ubavuni, unashuka wima kwenye paa na boneti. Rangi ya gari la siku hizi ina tabaka la mwisho lisilo na rangi, tunaloliita klia. Ni jembamba sana, kwenye mikroni 40 hivi, kiasi cha nusu ya unene wa unywele. Hilo ndilo linalobeba mng'ao, na ndilo linalozuia jua lisiifikie rangi yenyewe. Linapochomwa mwaka baada ya mwaka hukauka, likawa na weupe kama maziwa, kisha likabanduka vipande vipande. Likishafika hapo hakuna pulishi ya kulirudisha, ni kupiga rangi paa zima. Gari jeusi linalolala juani hulichosha hilo tabaka mapema, na mipira ya vioo nayo hukakamaa.

Sasa vumbi. Hapa ndipo nyeusi inapokugharimu, na ndipo wengi wanapokosea hesabu, kwa sababu wanaona vumbi kama suala la urembo tu.

Vumbi la huko kwenu ni jekundu linaloelekea kahawia, lina unga laini na ndani yake mna mchanga. Gari huonyesha uchafu pale rangi yake inapopishana sana na rangi ya uchafu. Juu ya nyeusi, unga huo unaonekana kama umepakwa kwa makusudi: unaosha asubuhi, ukifika Mtumba boneti imekuwa ya kahawia. Nyeupe inajitetea vizuri ukiiangalia kwa mbali, lakini sogea uangalie chini ya milango, nyuma ya matairi, pembezoni mwa mipira ya madirisha, na ile michirizi inayoshuka kutoka kwenye vioo vya pembeni mvua za kwanza za Desemba zikidondoka. Wekundu unaganda pale na kuacha doa. Silva iko katikati. Ndani yake mna chembe ndogo za alumini zinazotawanya mwanga, kwa hiyo jicho halipati mahali pa kutua likaona ukungu wa vumbi. Wiki nzima inaweza kupita watu wakidhani umeosha juzi.

Gharama yenyewe iko kwenye kuosha. Mchanga wa vumbi una chembe za kwazi, madini magumu kuliko klia kwa mbali sana. Kila kitambaa kinachopita juu ya vumbi kavu kinaburuta chembe hizo, na kila chembe inaacha mstari. Ukitaka kuona ninachosema, tafuta gari jeusi lenye miaka mitatu mjini, lisogelee jua likiwa nyuma yako, utazame ule mwanga uliojikusanya kwenye boneti. Utaona duara kwa duara za mikwaruzo midogo zinazouzunguka mwanga kama utando wa buibui. Hazikuletwa na ajali. Zimeletwa na mlinzi mwema anayekupangusia gari kila asubuhi kwa tambara lilelile, na wale vijana wenye ndoo moja waliokwishaosha nayo magari matano kabla ya lako. Kwenye silva mikwaruzo hiyohiyo ipo, ila huioni mpaka uitafute kwa tochi.

Na maji yetu ya visima ya Dodoma ni magumu, usiyasahau. Tone likikaukia kwenye bati la moto linaacha duara jeupe la chokaa. Kwenye nyeupe na silva duara hilo halisumbui mtu. Kwenye nyeusi linabaki kama chapa, na likiachwa juani linaingia ndani ya klia, halitoki mpaka kwa kompaundi. Kompaundi ni mchanga mwingine laini, inang'arisha kwa kumega tabaka la juu. Ukiling'arisha gari jeusi kila mwaka ili lionekane la heshima, kila mwaka unakula sehemu ya mikroni 40 ulizopewa kiwandani.

Tuliweke kwenye shilingi. Tuseme kuosha Harrier ni 7,000. Kwenye kiangazi, silva utaiosha mara moja kwa wiki. Nyeusi, kama mume wako anaipenda kwa sababu ninayoijua mimi, mtaiosha mara mbili, pengine tatu. Chukua mbili. Hiyo ya ziada moja kwa wiki, kwa wiki 26 za ukavu, ni 182,000 kwa mwaka, na miaka minne ni 728,000. Hapo sijahesabu kompaundi, sijahesabu masika, na nimedhani waoshaji wako ni waungwana.

Kwenye kuuza, mume wako hajakosea kabisa. Harrier ni gari la kujionyesha, na anayelitafuta mara nyingi ana nyeupe ya lulu au nyeusi kichwani. Ingekuwa IST au Probox nisingesema hivyo, kule silva inaondoka kama maandazi. Kwa Harrier, ya silva itakaa kwa dalali muda mrefu kidogo. Lakini mpigie dalali yeyote sasa hivi umwambie una Harrier unauza, usikilize anachouliza: ya mwaka gani, namba gani, imetembea ngapi. Akisikia ni namba E badala ya namba D sauti inabadilika, kwa kuwa herufi ya kwanza baada ya tarakimu inamwambia limeingia nchini lini. Rangi huja baadaye. Rangi huamua ni watu wangapi watakuja kuliona, na hali ya rangi ndiyo inayoamua watakachokutajia wakifika. Harrier nyeusi yenye utando wa buibui na paa lililopauka itawaleta watu kumi, wote wakianza kwa kukuambia kwamba gari limechoka.

Tena rangi umeshailipia kabla hujaiuza. Japani kwenyewe nyeupe ya lulu na nyeusi ndizo zinazopiganiwa kwenye minada. Gari likiwa jipya Toyota huitoza nyeupe ya lulu nyongeza, mara nyingi yen 33,000, na kwenye mnada pengo huwa kubwa zaidi. Ndiyo maana bei ulizoletewa zimeachana kwa dola 700 na 800. Kikokotoo cha TRA hakiulizi rangi. Kinauliza aina, mwaka, injini na mafuta, kwa hiyo ushuru wa zote tatu utakuwa sawa kama ni za toleo moja. Pengo linabaki lilelile la bei ya kule, zaidi ya shilingi milioni moja na nusu, na linabaki mfukoni mwako tangu siku ya kwanza. Ukija kuuza, mteja akikubana upunguze milioni moja kwa kuwa ni silva, bado uko mbele, na zile laki saba za kuoshea hazijatoka. Atakayeshindwa kukubana hata hiyo milioni ni faida juu ya faida.

Nyeupe ya lulu ndiyo ingekuwa mshindani wa kweli. Kwa joto inakwenda sambamba na silva, kwa vumbi iko nyuma kidogo, na kwa kuuzika iko mbele. Mimi inanitia wasiwasi kwa mambo mawili. La kwanza ni kubanduka. Nyeupe mbili za Toyota, yenye namba 040 na hii ya lulu yenye namba 070, zimekuwa na ugonjwa unaojulikana: mwanga wa jua unapenya rangi mpaka kwenye praima ya chini kabisa, unadhoofisha mshiko wake na bati, kisha rangi yote inanyanyuka kama ganda la yai, na chini unaona bati tupu. Toyota yenyewe ilifungua mpango wa kupaka upya bila malipo kwa baadhi ya magari yake ya Marekani yenye rangi hizo. Wewe uliyenunua la mtumba na kulileta Dodoma huna wa kumdai. Si kila 070 inabanduka, nyingi ziko salama, lakini kuliegesha juani kutwa kwa miaka minne ndiko kulialika tatizo.

La pili ni ukarabati. Lulu inapigwa kwa hatua tatu: nyeupe ya chini, kisha tabaka la lulu, kisha klia. Idadi ya mikono ya lulu ndiyo inayoleta kivuli cha rangi, na mkono mmoja ukizidi au ukipungua, mlango unapishana na fenda. Fundi mwangalifu atakuomba apige na kipande cha jirani ili macho yasione mpaka, na wewe utalipia vipande viwili kwa mkwaruzo wa bodaboda mmoja. Haki itendeke, silva nayo si rahisi. Zile chembe za alumini hulala tofauti kulingana na umbali wa bunduki ya rangi na nguvu ya upepo, na fundi mwenye haraka atakuachia kipande chenye mawingu. Rahisi kuliko zote kwa fundi ni nyeusi ya kawaida na nyeupe ile ya 040, ambazo hazina chembe. Ukigongwa, usikubali silva ichanganywe kwa macho. Fungua mlango wa dereva au boneti, tafuta kibati chenye maandishi C/TR: tarakimu za kwanza ni za rangi ya nje, silva ya Toyota mara nyingi ni 1F7, na zinazofuata ni za ndani. Fundi aanzie kwenye namba hiyo, kisha apige kwanza kwenye kadi ya majaribio na kuiweka juu ya gari, nje, juani.

Kuna kasoro moja ya silva ambayo wauzaji hawaisemi. Rangi inayoficha vumbi inafichika ndani ya vumbi. Kwenye barabara yenu, lori likipita mbele yako na kunyanyua wingu, anayekuja upande wa pili ataona nyeupe mapema kuliko silva. Washa taa za mbele hata mchana kila ukiingia kipande kile.

Sasa paa. Kabla hujatuma hata senti, mwombe muuzaji picha tano ambazo kwa kawaida hawazileti: paa likipigwa kutoka juu, gari likiwa nje juani na si chini ya taa za yadi, ukingo wa paa unaokutana na kioo cha mbele kwa karibu, boneti upande wa mbele, juu ya mlango wa nyuma, na kibati cha C/TR. Kwenye silva unatafuta mabaka yenye weupe wa maziwa au mistari inayofanana na ramani, hayo ni klia inayoondoka. Kwenye lulu unatafuta vitundu na kingo zilizonyanyuka palepale paa linapokutana na kioo, maana ndiko kubanduka kunakopenda kuanzia.

Omba pia karatasi ya mnada. Mchoro wa gari utakuwa na herufi: A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, P ni rangi yenye kasoro, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupigwa rangi upya na bado inaonyesha mawimbi. Tarakimu inayofuata ni ukubwa wa tatizo, 1 ikiwa dogo. W1 kwenye mlango haikuzuii kununua. W2 au P2 kwenye paa nisingelipa. Na yale maelezo ya mkono ya mkaguzi yatafsiriwe yote, usikubali muhtasari wa muuzaji wa "gari zuri sana".

Likifika bandarini, kama una mtu Dar mwenye kipimo cha unene wa rangi, mlipie dakika kumi. Rangi ya kiwandani husoma kati ya mikroni 100 na 150 hivi. Paa likisoma 250 limepigwa tena, na likipita 500 kuna puti chini yake.

Paa la silva likionekana limepauka kwenye picha, liache, hata akikupunguzia dola 300, kwa sababu kulipiga paa na boneti upya kwa kazi ya maana kutazila hizo na zaidi. Hapo nenda kwenye nyeupe ya lulu, kwa masharti yaleyale ya picha. Nyeusi ningeikubali kama nyumbani mna banda la kuegeshea, ofisini una kivuli cha uhakika, na mume wako ameahidi kwamba kuosha ni kazi yake, kwa ndoo mbili, maji mengi ya kumwagia kwanza na kitambaa laini, na mlinzi akatazwe kupangusa. Mwulize sharti la mwisho atalibeba kwa muda gani.

Muuzaji akikuuliza rangi ya ndani, kama kuna ya kijivu au maziwa, usiikimbie kwa hofu ya uchafu. Kiti cheusi juani kitakuunguza zaidi ya bati jeusi, na vumbi la viti linatoka kwa brashi na kifyonza vumbi.